Kikao cha tathmini baada ya tukio

Kikao cha tathmini baada ya tukio ni mkutano ambao kamati ya maandalizi huufanya baada ya shughuli kumalizika, kwa mfano maonesho, mahafali, harusi au mkutano mkuu, ili kulinganisha yaliyopangwa na yaliyotokea na kuyaandika kwa ajili ya kamati itakayofuata. Kikao hiki ni tofauti na kikao cha kufunga hesabu, ingawa mara nyingi vyote viwili hufanyika siku moja. Hesabu huonyesha fedha zilikwenda wapi. Tathmini huonyesha kazi ilikwendaje, na mtu atakayeifanya mwakani aanzie wapi.

Makala hii inaeleza kikao hicho kwa kutumia shughuli inayorudi kila mwaka katika Tanzania ya kati, yaani maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni jijini Dodoma. Hapo ndipo faida na ugumu wake huonekana wazi zaidi.

## Jina na asili

Nchini Tanzania watu wengi hukijua kikao cha namna hii kupitia desturi ya kuvunja kamati. Baada ya harusi, wajumbe wa kamati hukutana mara ya mwisho. Mweka hazina husoma mapato na matumizi, ahadi ambazo hazijalipwa hutajwa, madeni ya ukumbi au ya chakula hupangiwa namna ya kulipwa, na maharusi huja kushukuru. Kisha watu hula, hunywa na kuagana. Jina lenyewe linaeleza kusudi: kamati iliundwa kwa kazi moja, kazi imeisha, kamati inavunjwa.

Desturi hiyo hutunza vizuri uaminifu wa fedha, lakini kwa kawaida haiachi maelezo ya kazi. Katika harusi hilo huleta hasara ndogo, kwa sababu wajumbe wengi ni ndugu na majirani walewale watakaoitwa tena katika harusi ya mdogo wa bwana harusi. Wanakumbuka kwamba sahani zilipungua na kwamba basi la wageni lilichelewa. Katika taasisi hali ni nyingine. Kamati ya mwakani inaweza isiwe na mjumbe hata mmoja wa mwaka huu, na kumbukumbu iliyokaa vichwani mwa watu huondoka nao.

Njia ya kuuliza maswali yaleyale baada ya kila kazi ilipata umbo lake la sasa katika jeshi la Marekani, ambalo lilianza kuitumia katika mazoezi ya vikosi kati ya miaka ya 1970 na 1980. Baada ya zoezi, askari na makamanda wao walikaa pamoja na kujadili yaliyotokea, na askari wa cheo cha chini aliruhusiwa kusema alichokiona. Baadaye njia hiyo ilichukuliwa na mashirika ya misaada, viwanda na sekta ya afya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019 kwa nchi zinazotaka kupitia upya namna zilivyokabiliana na mlipuko wa ugonjwa.

## Kamati ya Nane Nane na kalenda yake

Sikukuu ya Wakulima, inayojulikana zaidi kama Nane Nane, huadhimishwa nchini Tanzania tarehe 8 Agosti. Maonesho hutangulia kwa siku kadhaa, kwa kawaida kuanzia tarehe 1 Agosti. Viwanja vya Nzuguni ni vya Kanda ya Kati, yaani mikoa ya Dodoma na Singida, na mwaka 2024 na 2025 vilitumika pia kwa maadhimisho ya kitaifa. Halmashauri, taasisi za utafiti, vyuo, kampuni na vikundi vya wakulima huwa na mabanda yao humo. Nje ya mabanda kuna vipando, yaani vishamba vidogo vya mazao yaliyopandwa ili wageni wayaone yakiwa shambani.

Vipando ndivyo vinavyoifanya kazi ya kamati kuwa ndefu kuliko inavyoonekana. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kuisha Aprili. Agosti ni kiangazi, na pepo za mashariki huvuma kwa nguvu na kupeperusha vumbi. Kwa hiyo zao linaloonekana la kijani Nzuguni tarehe 1 Agosti halikukuzwa na mvua. Lilipandwa miezi kadhaa kabla na kumwagiliwa, wakati kamati nyingi zilikuwa bado hazijateuliwa.

Jambo la pili ni mwaka wa fedha wa serikali, ambao huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni mwaka unaofuata. Mbegu zinazopandwa Aprili hununuliwa kwa fedha za mwaka mmoja, na maonesho ya Agosti hulipiwa kwa fedha za mwaka mwingine. Funzo lililopatikana Agosti likifunguliwa Julai inayofuata halisaidii chochote: wakati wa kupanda umepita, na bajeti imekwisha kupitishwa. Kikao cha tathmini cha maonesho haya kina thamani kama maandishi yake yatawafikia watu wanaohusika kabla ya tarehe hizo mbili.

## Wakati wa kufanyika

Tathmini nzuri hufanyika kwa hatua mbili. Ya kwanza ni fupi na hufanyika palepale uwanjani, jioni ya siku ya mwisho au asubuhi inayofuata, kabla banda halijabomolewa. Watu husimama au hukaa kwenye viti vilivyobaki kwa muda wa nusu saa, na katibu huandika yale ambayo yatasahaulika: tangi la maji lilikauka saa ngapi, ni siku gani wageni walizidi, ni kona ipi ya banda ilijaa vumbi. Picha za vipando na za banda hupigwa wakati huohuo, zikiwa na tarehe. Baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka kama mahindi yalikuwa kiunoni au begani.

Hatua ya pili ni kikao chenyewe, ambacho hufaa kufanyika kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Kikifanyika mapema mno, watu bado wamechoka na hesabu hazijakamilika. Kikichelewa zaidi ya mwezi, madereva na vibarua wamekwisha kwenda kwenye kazi nyingine, baadhi ya watumishi wamehamishwa, na kila mtu ameshajitengenezea simulizi yake kuhusu kilichoharibika. Saa mbili hutosha kwa kamati ya watu kumi hadi kumi na watano.

Tarehe ya kikao hupangwa kabla ya tukio na kuandikwa kwenye ratiba ya maandalizi, pamoja na gharama zake. Kikao ambacho hakikuwekwa kwenye ratiba huwa hakifanyiki, kwa sababu tukio likishapita hakuna tena kinachowasukuma watu kukutana.

## Washiriki

Kosa la kawaida ni kuwaita wajumbe wa kamati peke yao. Wajumbe wanajua maamuzi yaliyofanywa, lakini mara nyingi hawakuwepo wakati mambo yalipokwama. Aliyemwagilia vipando anajua ni siku zipi maji hayakufika. Dereva anajua kwamba gari lilirudi mjini mara tatu kwa vitu ambavyo vingepakiwa mara moja. Mkulima aliyeletwa kutoka kijijini anajua alilala wapi na alikula nini. Watu wawili au watatu wa namna hiyo huongeza ukweli mwingi katika kikao.

Kuna ugumu mmoja ambao hautatuliwi na wito peke yake. Katika ofisi na hata katika kamati ya mtaa, mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Kibarua hatasema kwamba boza la maji lilichelewa kwa sababu mkuu wa idara hakusaini karatasi, naye mkuu huyo amekaa mezani. Ndiyo maana katibu huzungumza kwanza na watu hao mmoja mmoja, siku moja au mbili kabla ya kikao, kisha huwasilisha waliyoyasema bila majina. Ndani ya kikao wenye vyeo vya chini huanza kusema na mwenyekiti husema mwisho. Mwenyekiti akianza kwa kusema kwamba kwa ujumla maonesho yalifana, waliobaki watamwitikia, na kikao kitakuwa kimeisha hapohapo.

Inasaidia pia kama anayeongoza majadiliano si yule aliyesimamia maandalizi. Anaweza kuwa ofisa wa idara nyingine au mjumbe mstaafu. Kazi yake ni kuuliza, kutunza muda na kuhakikisha kwamba maswali hayageuki kuwa mashtaka.

## Maswali manne

Kikao huongozwa na maswali manne, nayo hufuatwa kwa mpangilio.

1. Tulipanga nini kitokee?
2. Nini kilitokea?
3. Kwa nini kulikuwa na tofauti?
4. Nani afanye nini, na kabla ya tarehe gani, mara nyingine?

Swali la kwanza huonekana rahisi, lakini ndilo linalofichua mengi. Mara nyingi kamati hugundua kwamba haikuwahi kukubaliana. Mmoja alidhani banda limewekwa ili wakulima wajifunze, mwingine alidhani limewekwa ili wageni wa heshima walitembelee na kupiga picha. Mpango ulioandikwa, bajeti na ratiba huletwa mezani ili swali lijibiwe kwa karatasi.

Swali la pili hujibiwa kwa mambo yaliyoonekana au kuhesabiwa. Kusema kwamba maji yalisumbua hakumsaidii mtu. Kusema kwamba boza lilikuja mara mbili kwa wiki badala ya mara nne katika mwezi wa Juni humsaidia. Katika hatua hii sababu hazijadiliwi, kwa kuwa sababu huleta utetezi, na utetezi huanza kubadilisha yaliyotokea.

Swali la tatu huulizwa zaidi ya mara moja kwa jambo lilelile, mpaka jibu lifike kwenye kitu ambacho kamati ijayo inaweza kukibadilisha. Majibu kama uzembe, ukosefu wa fedha au hali ya hewa huwa hayajafika mwisho.

Kikao hakihitaji kupitia kila jambo. Mambo matatu hadi matano yaliyojadiliwa mpaka mwisho yana manufaa kuliko orodha ya mambo arobaini. Mambo yaliyokwenda vizuri huchaguliwa pia, kwa sababu kamati mpya isipojua kwa nini yalikwenda vizuri inaweza kuyaacha.

## Mfano: mahindi yaliyochelewa

Mfano ufuatao ni wa kufikirika. Tarehe zake zimechaguliwa ili hesabu ionekane, lakini mwenendo wake unalingana na kalenda halisi ya Dodoma.

Halmashauri moja ilipanga kuonyesha vipando vya mahindi, mtama na alizeti. Mpango uliandika kwamba tarehe 1 Agosti mahindi yawe na magunzi yaliyojaa, mtama uwe na masuke yenye punje, na alizeti iwe imechanua. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza.

Picha za siku ya ufunguzi zilionyesha kwamba alizeti ilikuwa imechanua vizuri na watu wengi walisimama hapo. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mtama ulikuwa unaanza kutoa masuke yasiyo na punje. Wakulima waliouliza mavuno ya mbegu hiyo walijibiwa kwa maneno matupu, kwa kuwa hapakuwa na gunzi la kuwaonyesha.

Kwa nini? Jibu la kwanza lililotolewa kikaoni lilikuwa baridi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake: Dodoma ipo kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi inayochelewesha mahindi. Lakini baridi hiyo huja kila mwaka, kwa hiyo haiwezi kuwa mwisho wa maelezo. Katibu aliuliza mbegu zilipandwa lini. Daftari la aliyemwagilia lilisema tarehe 12 Mei. Kutoka hapo hadi tarehe 1 Agosti ni siku 81.

Kwa nini 12 Mei? Kwa sababu mbegu zilifika tarehe 10. Kwa nini zilifika tarehe hiyo? Kwa sababu ombi la kuzinunua liliandikwa mwishoni mwa Aprili. Kwa nini halikuandikwa mapema? Kwa sababu kamati iliteuliwa mwishoni mwa Aprili, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na wajibu wa kuandika ombi hilo. Hapo swali lilifika kwenye kitu kinachoweza kubadilishwa.

Kilichofuata kinaonyesha tofauti kati ya funzo na lawama. Pendekezo la kwanza lilikuwa fupi: mwakani tupande mapema. Ofisa kilimo alilikataa. Alizeti iliyopandwa siku ileile ilikuwa katika hali iliyotakiwa, na kama ingepandwa mwezi mmoja kabla, vichwa vyake vingekuwa vimeinama na kukauka siku ya ufunguzi. Kwa hiyo kila zao lilihesabiwa peke yake, kuanzia tarehe 1 Agosti kwenda nyuma. Kwa mahindi ya muda mfupi kikao kilikadiria siku 110, kikizingatia baridi ya Juni na Julai, na hesabu ikaangukia tarehe 13 Aprili. Kwa alizeti kilibakiza 12 Mei. Mtama uliwekwa pamoja na mahindi.

Funzo liliandikwa hivi: «Mahindi na mtama vipandwe kabla ya 13 Aprili, alizeti karibu na 12 Mei. Ili mbegu ziwepo, ombi la ununuzi liwe limefika kwa Mkurugenzi kabla ya 15 Februari. Ofisa kilimo anayesimamia mazao ndiye mwenye wajibu wa kuliandika, hata kama kamati ya maonesho haijateuliwa.»

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyogusa chanzo. Bila hiyo, kamati mpya ingeteuliwa tena mwishoni mwa Aprili na kukuta maelekezo mazuri ambayo tarehe zake zimepita.

Mwaka uliofuata mahindi yalikuwa na magunzi. Mtama nao ulitoa punje mapema Julai, wakati mashamba mengi ya jirani yalikuwa yamevunwa, na kipando kikawa chakula cha ndege kwa eneo zima. Kikao cha mwaka huo kiliongeza mstari mmoja kuhusu kufunika masuke kwa vyandarua. Funzo la mwaka wa kwanza halikuwa na kosa. Lilifungua tatizo ambalo halikuweza kuonekana mtama ulipokuwa hauna punje, na ndiyo sababu maandishi ya tathmini huongezwa kila mwaka badala ya kuandikwa mara moja.

## Namna ya kuandika funzo

Muhtasari wa kikao na kumbukumbu ya mafunzo ni vitu viwili tofauti. Muhtasari hufuata mpangilio wa mazungumzo: kufungua kikao, yatokanayo, nani alisema nini, kufunga kikao. Ni hati ya lazima katika ofisi nyingi, lakini kamati mpya ikipewa muhtasari wa kurasa kumi haitaona haraka inalopaswa kufanya. Kumbukumbu ya mafunzo huwa na ukurasa mmoja au miwili, na hupangwa kwa tarehe ambazo kazi inatakiwa kufanyika. Anayeifungua Januari huona kwanza mambo ya Januari na Februari.

Kila funzo huwa na sehemu nne fupi: kilichotokea, sababu yake, kinachotakiwa kufanyika, na mwenye wajibu pamoja na tarehe. Mwenye wajibu hutajwa kwa cheo. Jina la mtu halifai, kwa sababu mwakani anaweza kuwa katika wilaya nyingine.

Kipimo kizuri cha sentensi ni kumpa mtu ambaye hakuwepo na kumwuliza atafanya nini. Sentensi inayosema kwamba banda liboreshwe haimpi kazi yoyote. Sentensi inayosema kwamba upande wa mashariki wa banda uzibwe kwa turubai hadi juu, kwa sababu upepo wa mchana uliingiza vumbi kwenye unga na zabibu kavu zilizokuwa mezani, inampa kazi anayoweza kuifanya bila kuuliza zaidi.

Viambatisho hubaki vichache na vyenye takwimu: bei zilizolipwa na tarehe zake, idadi ya viti na meza vilivyokodiwa na vilivyotumika kweli, idadi ya safari za boza, na mchoro wa banda wenye vipimo. Bei hupitwa na wakati, lakini idadi ya vitu hubaki na manufaa kwa miaka kadhaa.

## Kukabidhi

Hatua hii ndiyo inayoshindwa mara nyingi zaidi. Kumbukumbu huandikwa, husainiwa, kisha hubaki kwenye kompyuta ya mkononi ya katibu au katika kundi la WhatsApp la kamati. Kamati ikivunjwa watu hujiondoa kwenye kundi, simu hubadilishwa, na katibu huhamishwa. Mwaka unaofuata kamati mpya hufungua kundi jipya na kuanza upya.

Njia inayofanya kazi ni kuipa kumbukumbu sehemu tatu za kukaa. Nakala moja huwekwa masijala, kwenye jalada la maonesho lenye namba ya kudumu, ili yeyote anayelifungua jalada kwa ajili ya barua mpya aikute. Nakala ya pili hukaa kwa mkuu wa idara, ambaye ndiye hupendekeza wajumbe wa kamati. Ya tatu huambatanishwa na barua ya uteuzi, kila mjumbe mpya apate yake siku anapoteuliwa. Katika mikutano ya kwanza ya kamati mpya, ajenda ya kwanza huwa kusoma mafunzo ya mwaka uliopita na kuamua lipi linafuatwa na lipi linaachwa, pamoja na sababu ya kuliacha.

Mambo yenye gharama huhitaji njia ya ziada. Kama tathmini ya Agosti 2025 inapendekeza gharama za Agosti 2026, zinatakiwa kuingia katika bajeti ya mwaka wa fedha 2026/27, ambayo maandalizi yake huanza miezi mingi kabla ya Julai. Mbegu za Aprili 2026 ziko upande mwingine wa mpaka huo: hulipiwa kwa fedha za 2025/26, ambazo zilishapitishwa kabla tathmini haijafanyika, kwa hiyo hutafutwa ndani ya mafungu yaliyopo. Kamati inayoandika pendekezo lake bila kutaja ni mwaka gani wa fedha utalilipia huwa imeiachia kamati ijayo kazi ngumu zaidi.

Kwa kikundi kisicho na ofisi, kama kamati ya mtaa, kwaya au umoja wa wanafunzi, daftari la jalada gumu linalokaa kwa mtu asiyebadilika hutosha. Anaweza kuwa mlezi wa kikundi, mhasibu wa parokia au mwalimu wa taaluma. Linalohitajika ni kwamba mahali lilipo pajulikane na watu zaidi ya mmoja.

## Dalili za kikao kilichoshindwa

Kikao kinaweza kufanyika na kuandikwa bila kuleta kitu. Dalili ya kwanza ni maandishi yaliyojaa pongezi na neno changamoto, bila tarehe wala idadi. Hutokea pale mwenyekiti anapotangulia kusema, au pale watu wanapoogopa.

Hofu hiyo ina msingi. Katika taasisi za umma maandishi yanayosema kwamba vifaa vilikodiwa kupita kiasi yanaweza kuzaa hoja ya ukaguzi. Ndiyo maana upotevu wa fedha au mali haujadiliwi katika kikao hiki. Hupelekwa kwa vyombo vinavyohusika, kwa utaratibu wake, na mwongozaji husema hivyo mwanzoni. Tathmini hushughulikia mipango iliyotekelezwa kwa nia njema ikatoa matokeo mengine. Mambo hayo mawili yakichanganywa, watu hunyamaza kuhusu yote.

Dalili ya pili ni funzo lilelile kurudiwa mwaka hadi mwaka. Kama taarifa za miaka mitatu mfululizo zinasema kwamba maandalizi yaanze mapema, tatizo halipo kwenye maandalizi tena. Lipo katika ukweli kwamba hakuna mtu mwenye wajibu kabla kamati haijateuliwa.

Dalili ya tatu ni orodha ndefu mno. Kamati mpya inayopewa mapendekezo sitini husoma matano ya kwanza, na yale matano huwa ni yaliyosemwa mapema kikaoni, si lazima yawe ya maana zaidi.

## Mipaka

Tathmini hueleza mwaka mmoja, na mwaka mmoja unaweza kudanganya. Mvua zikichelewa kuisha, vipando hupata unyevu ambao mwakani hautakuwepo. Maonesho yanapokuwa ya kitaifa, idadi ya wageni, ulinzi na maegesho ya magari havilingani na vya mwaka ambao ni ya kanda tu. Kwa sababu hiyo kila kumbukumbu huanza kwa mistari michache inayoeleza mwaka wenyewe ulikuwaje, ili msomaji ajue ni yapi yanaweza kuhamishwa na yapi hayawezi.

Vilevile kikao hakiwezi kurekebisha jambo lililo nje ya uwezo wa kamati, kama vile fedha kutolewa kwa kuchelewa mwanzoni mwa mwaka wa fedha. Kinachoweza kufanya ni kuandika tarehe ambayo fedha zilifika kweli. Kumbukumbu za miaka michache zikikusanywa, kamati mpya hupata tarehe ya kukadiria, na huweza kupanga mambo ya wiki ya kwanza ya Agosti yasitegemee fedha za Julai.